Jumatatu mbili kwenye wimbo wa Mwalimu Wegesa

Saa mbili asubuhi bado haijagonga, na kwenye darasa la chekechea nyuma ya kanisa, kata ya Nyakato mjini Musoma, dumu la mafuta ya kula limeshaanza kulia. Mwalimu Wegesa Mniko amelipakata kama mtoto mchanga. Mkononi ana kijiti cha mpera. Watoto wamesimama kwa mistari iliyopinda, wengine uji haujakauka midomoni.

Leo ni Jumatano. Yeye anajua, lakini hawaambii.

Anapiga mara mbili. Watoto wanapiga makofi mawili. Kisha sauti zinapanda: "Ju-ma-ta-tu! Ju-ma-n-ne! Ju-ma-ta-no!" Kila siku inapewa makofi mawili, la kwanza mwanzoni mwa jina, la pili katikati. Wanakwenda hivyo hadi Jumapili, na hapo linatokea jambo ambalo mgeni akiliona atadhani watoto wamesahau.

Wote wanaziba midomo kwa viganja. Dumu linalia mara mbili bila neno lolote. Mwalimu anamnyooshea kijiti mtoto mmoja wa mstari wa nyuma, na katika nafasi hiyo ya makofi mawili mtoto yule peke yake anatamka, "Ju-ma-ta-no!"

"Sawa," anasema Mwalimu Wegesa, na wimbo unaanza upya, safari hii kuanzia Jumatano.

Ule mtindo wa kuziba midomo kwa viganja haukuwepo zamani. Ameuanzisha mwaka huu, na kila akiutazama damu inamchemka.

"Watoto wangu hawakuwaga wanazibwa midomo," anasema mapumziko yanapofika, macho yakiwa uwanjani. "Walikuwaga wananyamaza wenyewe. Hii ya kuziba ni dawa. Na ugonjwa wenyewe uliletwa na mtu mzima mwenye akili zake."

Wegesa ana miaka arobaini na mitatu. Amezaliwa Buswahili, wilayani Butiama, kwenye boma la ng'ombe na mihogo. Nyumbani hakuna aliyetaja Jumanne wala Alhamisi. Bibi yake alihesabu siku kwa mnada: siku ya mnada, kesho yake, kesho kutwa yake, hadi mnada urudi tena. Ilitosha kwa ng'ombe na kwa shamba. Kwa shule haikutosha.

Mwaka aliotakiwa kuanza darasa la kwanza, mwalimu alipita vijijini akatangaza kwamba watoto wapya waletwe Alhamisi. Bibi akamwosha mjukuu, akampaka mafuta, akamshika mkono. Walifika shuleni Ijumaa. Wakaambiwa daftari la wapya limefungwa jana, warudi mwakani.

"Nilikaa mwaka mzima nachunga," anasema Wegesa. "Mwaka mzima, kwa sababu ya neno moja ambalo kwetu halikuwa na maana. Hakuna mtu aliyefikiri kwamba labda mtoto hajui Alhamisi ni lini. Walisema bibi yangu ni mzembe. Bibi yangu alikuwa anaamka kabla ya jogoo."

Miaka imepita, bibi ameshazikwa, na bado akilisimulia sauti yake inakuwa nyembamba. Ukitaka kujua kwa nini mwanamke huyu hachezi na siku za wiki, anzia hapo.

Alipopata kazi ya kufundisha chekechea Nyakato, kwa posho ya shilingi elfu tisini kwa mwezi na mahindi kutoka kwa wazazi msimu ukiwa mzuri, alikuta watoto wanaotoka nyumba zenye lugha zao. Huyu Kikurya, yule Kijita, mwingine Kizanaki. Kiswahili wanakiokota njiani. Siku za wiki zilibandikwa ukutani kwenye karatasi, nao wakazitazama kama wanavyotazama ukuta wenyewe.

Basi akaanza kupiga dumu.

Kwanza aligundua kwamba siku zote saba zinaingia kwenye makofi mawili bila kusukumwa. Jumatatu inaingia, Alhamisi inaingia, Ijumaa nayo ukiipa nafasi yake. Iliyomsumbua ni Jumanne, maana watoto huikimbiza wakameza katikati. Akawafundisha waivutie puani, "Ju-ma-nnn-ne," kofi la pili liangukie hapo kwenye mvumo. Wakaipenda kuliko zote.

Halafu akakutana na shimo. Mwili unapenda makofi yanayokwenda manne manne, au nane nane. Siku ziko saba. Baada ya Jumapili mikono ya watoto ilitaka kupiga tena, na midomo haikuwa na neno. Walimu wengine, anasema, hulijaza shimo hilo kwa "la la" au "haya tena".

"Mimi nikasema, hapana. Hapa ndipo penyewe. Hapa mtoto ataniambia leo ni siku gani."

Hiyo ndiyo nafasi ya nane, na wimbo wote umejengwa juu yake. Mzunguko wa kwanza, mtoto aliyenyooshewa kijiti anaitaja leo. Darasa linaanza upya kutoka siku hiyo, na nafasi ikifika tena mtoto mwingine anaitaja kesho. Mzunguko wa tatu ni wa jana, na hapo ndipo panapopatikana vilio, maana jana ni ngumu.

Sababu yake inaeleweka ukimsikiliza. Mtoto anayeimba kutoka Jumatatu kila siku anaujua wimbo, lakini siku hazijui. Mwulize baada ya Alhamisi ni nini, atarudi mwanzo kabisa akimbie mlolongo wote mpaka afike. Mkatishe katikati, amepotea. Ukimzoesha kuanzia popote, kila siku inakuwa mlango.

Wakishaushika kwa sauti, anawashusha wauimbe kwa kunong'ona. Kisha wanauimba moyoni, kidole tu kikigonga paja. Mwisho kidole nacho kinatulia, na mtoto akiulizwa anajibu kama mtu anayetaja jina la mama yake.

Miezi ina mapigo hayo hayo mawili mawili, ila majina yake, kwa maneno ya Wegesa, yana miguu isiyolingana. Machi na Juni ni mafupi, kila kipande kinapata kofi lake. Mei ni fupi mno, wanairefusha ijaze nafasi. Aprili na Septemba zinaanza kabla ya kofi, sauti inatangulia kidogo ndipo mikono ifuate. Ameipanga mistari mitatu ya miezi minne minne, na kila mstari una namna yake ya kusimama.

Watoto wengi huchanganya Juni na Julai. Yeye amezitenganisha kwa mikono. Juni wanachuma pamba kwa vidole. Julai wanainua gunia kichwani. Hakuna mtoto wa Mara atakayebeba gunia kabla ya kuchuma, kwa hiyo mwili unakumbuka pale ulimi unapoteleza. Novemba wanainama kupanda. Desemba wanacheza hadi wanaangushana, na hapo somo linakuwa limekwisha watake wasitake.

Mwaka jana mwezi Novemba darasa hilo lilifanya mahafali. Yaliwekwa Ijumaa kwa sababu Jumamosi kanisani palikuwa na harusi. Watoto walivaa majoho ya kitambaa cha bluu, wazazi wakaleta pilau, na miongoni mwa wageni alikuwepo bwana mmoja kutoka Bunda, Clementi, mwenye kituo chake cha watoto na suti ya kifungo kimoja. Huko kwake watoto wanamwita Anko Clementi.

Wimbo ulipoanza alisimama, akatoa simu, akarekodi. Mzunguko wa kwanza ulipofika nafasi ya nane, Mwalimu Wegesa alimnyooshea kijiti Esta, binti wa Dorah muuza dagaa. Esta akatoa sauti iliyofika barabarani: "I-ju-ma-a!"

Watu wakapiga vigelegele. Anko Clementi akarekodi na wimbo wa miezi, kisha akaenda kwenye pilau. Wakati wa kuaga alimwambia mwalimu, "Dada, hii naichukua nikafundishie watoto wangu."

"Nikamwambia chukua, Mungu akubariki," anakumbuka Wegesa. "Nilifurahi jamani. Nilifikiri watoto wa Bunda nao wapate. Sikumkatalia hata kidogo."

Kabla ya Krismasi flashi zenye wimbo huo zilikuwa zimeshatapakaa stendi ya Bunda. Wiki iliyofuata zilifika Musoma, kwenye vibanda vya simu, kwenye bajaji, kwenye maduka ya nguo za watoto. Karatasi iliyobandikwa ilikuwa na picha ya bwana mwenye suti ya kifungo kimoja, na maandishi: Anko Clementi na Watoto, Siku na Miezi. Sauti inayoongoza ilikuwa ya Wegesa. Jina la Wegesa halikuwepo popote, hata kwa herufi ndogo kama sisimizi.

Angekuwa mtu mwingine angeanza kelele siku hiyo hiyo. Yeye aliumia, akanyamaza. Mumewe alimwambia achukulie kama sadaka, naye akajaribu kuchukulia hivyo. Hakuusikiliza wimbo wa flashi hata mara moja hadi mwisho. Akiusikia kwa jirani alikuwa anaingia ndani na kufunga mlango.

Angeusikiliza angegundua mapema kwamba aliyemwibia wimbo alikuwa ameuvunja pia.

Januari, Dorah aliingia kwenye uwanja wa chekechea bila kubisha hodi. Kanga yake ilikuwa bado na magamba ya samaki. Wazazi waliokuja kuandikisha watoto wapya walikuwa wamekaa kwenye benchi, na wote walisikia.

"Mwalimu, wewe wiki yako ina Jumatatu ngapi?"

Wegesa alidhani ni utani. "Mama Esta, karibu kwanza ukae."

"Sikai. Nijibu. Ngapi?"

Siku ile Dorah alikuwa ametoka na Esta kwenye usaili wa shule moja ya binafsi. Alishaanza kununua sare kidogo kidogo tangu Agosti. Mwalimu wa usaili alimwuliza mtoto baada ya Jumatatu inafuata siku gani. Esta akagonga kidole pajani, midomo ikicheza, kisha akajibu kwa ujasiri: Jumatatu. Akaulizwa kama ana uhakika. Akasema, "Ndiyo. Zipo mbili."

Mwalimu wa usaili akacheka. Akamwita mwenzake aje asikie, naye akacheka. Wakamwuliza mtoto amefundishwa na nani. Esta, ambaye hajawahi kumficha mwalimu wake, akataja jina lote na mahali.

Hawakumchukua. Walisema bado hajawa tayari.

Kicheko kile kinastahili kusemwa waziwazi. Watu wazima wawili, wenye vyeti, walikuwa na mtoto wa miaka sita mbele yao. Ametoa jibu la ajabu na analiamini. Hawakumwuliza umelitoa wapi jibu hilo. Walicheka tu.

"Mtoto wangu anajua Kiswahili, anajua kuhesabu," alisema Dorah pale uwanjani, sasa akilia. "Umempa wimbo wa kumwaibisha. Nimeuza dagaa mwaka mzima kwa ajili ya siku ile moja."

Wegesa alimwita Esta, akapiga makofi, mtoto akaimba. Ilipofika nafasi ya nane, Esta hakunyamaza kusubiri kijiti. Aliimba "Ju-ma-ta-tu," kisha akaanza upya na Jumatatu nyingine, bila kukwama popote.

Watoto wawili waliokuwa wanaandikishwa waliondoka na wazazi wao papo hapo. Wiki hiyo wakaondoka wengine. Njiani, bajaji zikipita na wimbo, vijana walikuwa wanampigia kelele, "Mwalimu, leo ni Jumatatu ya kwanza au ya pili?" Kamati ya wazazi ikaitisha kikao, na ajenda ilikuwa moja: kama darasa litafutiwe mwalimu mwingine.

Ndipo akaketi kwa mara ya kwanza kuusikiliza ule wimbo wa flashi mwanzo hadi mwisho, kwenye simu ya mumewe. Alisikia sauti yake mwenyewe ikipanda kutoka Jumatatu hadi Jumapili, ngoma ya kompyuta ikidunda chini yake. Na pale penye nafasi ya nane, pale alipoacha mlango wazi kwa ajili ya mtoto, alisikia sauti yake hiyo hiyo ikisema tena, "Ju-ma-ta-tu!"

"Sijawahi kulisema hilo," anasema. "Mahali pale mimi sisemagi kitu maisha yangu yote. Ni mahali pa mtoto. Nilisikia kama mtu ameingia chumbani kwangu akavaa nguo zangu."

Kesho yake alipanda basi la Bunda.

Kituo cha Anko Clementi kilikuwa kimefunguliwa na mwenyewe alikuwepo. Alimpokea kwa soda. Alipoambiwa shida akatabasamu kama mtu anayeombwa mchango.

"Dada, siku za wiki aliziumba Mungu," alisema. "Hakuna mwenye Jumatatu yake. Mimi nimegharamia studio, nimegharamia picha. Na nikushauri tu kwa upendo, huku Bunda usiuimbe hadharani. Nipo kwenye mchakato wa kuusajili."

Wegesa aliiacha soda mezani bila kuigusa. Akisimulia sehemu hii anasimama, hawezi kuisema akiwa amekaa. "Aniambie mimi nisiuimbe! Nimeutoa kwenye dumu hili hili. Nimeutoa kwenye mwaka wangu wa kuchunga. Halafu ananiambia kwa upendo."

Alikwenda stendi akauliza studio. Haikuwa kazi kuipata, ni chumba kimoja nyuma ya duka la spea, godoro limepigiliwa mlangoni kuzuia kelele. Fundi wake ni kijana mwembamba anayeitwa Gibson, na huyo hakuwa na maneno ya upendo wala mchakato. Alipoisikia sauti ya mgeni wake akasimama.

"Mama, ni wewe? Wewe ndiye wa Jumatatu Jumanne?"

"Ni mimi. Nani alinitia Jumatatu ya pili?"

Gibson alijikuna kichwa. Alikiri ni yeye. Alieleza kwamba alipoletewa rekodi ya simu alitaka kuiweka juu ya ngoma, na ngoma yake inazunguka kwa nafasi nane. Siku saba zilikaa vizuri. Nafasi ya nane alikuta sauti ya mtoto mmoja ikisema Ijumaa.

"Nikasema, huyu mtoto amekosea," alisema Gibson. "Baada ya Jumapili Ijumaa inatoka wapi? Nikamtoa. Sasa pakabaki patupu, na patupu kwenye biti panasikika kama flashi imekwama, wateja wataniletea fujo. Nikachukua Jumatatu yako ya mwanzoni, nikaikopi pale. Kwani si ndiyo inayofuata Jumapili?"

"Na Jumatatu ya mwanzoni ukaiacha?"

"Nikaiacha. Ndiyo mwanzo wa wimbo."

Zikawa mbili, moja mgongoni mwa nyingine, na wimbo unazunguka hivyo hivyo siku nzima kwenye genge la dagaa la Dorah. Dorah mwenyewe ndiye aliyeinunua flashi. Aliinunua kwa fahari, maana ilikuwa na sauti ya mwalimu wa mwanawe, na likizo yote aliipiga kwenye spika yake ndogo ili Esta asisahau.

Wegesa aliomba asikie rekodi ya simu kama ilivyoletwa. Gibson alikuwa bado nayo. Dumu, makofi, kelele za wazazi, siku saba, halafu sauti ya Esta: Ijumaa. Ilikuwa Ijumaa kweli. Mtoto alikuwa amepatia, akafutwa na mtu aliyekuwa na uhakika kwamba amekosea. Kisha akafundishwa kosa kwa sauti ya mwalimu wake mwenyewe, akaenda kuchekwa nalo.

Gibson alimwekea rekodi ile kwenye simu, akagoma kupokea hela.

Kikao kilifanyika Jumamosi ndani ya kanisa, Mzee Felisian, mwenyekiti wa kamati, akiwa mbele. Wazazi walikuja wengi kuliko wanavyokuja kwenye michango. Dorah alikaa mstari wa kwanza, Esta ubavuni, mikono imekunjwa.

Mzee Felisian alianza kwa upole. Alisema mwalimu ni mtu wetu, lakini malalamiko yamezidi, na watoto wanakwenda kuaibika huko nje. Akamwuliza ana neno.

"Nina ombi kwanza, mwenyekiti," alisema Wegesa. "Wazazi wasimame, tuimbe mara moja. Wote mnaujua, mnausikia kila siku."

Kulikuwa na minong'ono, lakini walisimama. Dumu likalia. Watu wazima wakaimba, wengine wakicheka, Jumatatu, Jumanne, hadi Jumapili. Wegesa alifumba mdomo wake. Akapiga mara mbili.

"Ju-ma-ta-tu!" liliitika kanisa zima.

Wegesa aliweka dumu chini.

"Hakuna hata mmoja wenu niliyemfundisha," alisema. "Hakuna aliyewahi kukaa darasani kwangu. Hiyo Jumatatu mmeitoa wapi?"

Mtu wa nyuma akajibu kwa sauti ndogo kwamba kwenye flashi. Mwingine akasema kwenye bajaji. Wegesa akatoa simu, akaiweka kwenye kipaza sauti cha kanisa, akawasikilizisha wimbo ule ulivyokuwa siku ya mahafali. Siku saba zikapita. Kisha sauti ya mtoto mmoja ikajaa kanisani: "I-ju-ma-a!"

Esta akainua kichwa. "Mama, ni mimi yule."

Dorah akasogea karibu na kipaza sauti. Alikuwa anaitazama simu kana kwamba itasema zaidi. "Ilikuwa Ijumaa," alisema mwishowe. "Genge sikufungua siku ile ya mahafali. Ilikuwa Ijumaa kweli."

Kisha akamgeukia mwalimu, mbele ya watu, na hasira yake ilikuwa imehama mahali. "Nisamehe, Mwalimu. Sasa niambie huyo mwanamume anakaa wapi."

Wegesa aliendelea na darasa lake. Mzee Felisian aliomba radhi kwa niaba ya kamati, na baadhi ya watoto walioondolewa wamerudi. Mtu anaweza kudhani hapo pametulia. Hapajatulia. Flashi bado zinauzwa. Anko Clementi hajabadilisha hata karatasi ya juu, na akipigiwa simu anasema yupo kikaoni. Ofisi moja mjini ilimwambia Wegesa alete ushahidi kwamba wimbo ni wake. Alipowauliza ushahidi wa namna gani, wakamwambia arudi Jumatatu.

"Nikawauliza, ya ngapi?" anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. Kicheko hakikai.

Shule iliyomcheka Esta haikumchukua. Dorah alirudi kuwaeleza, akaambiwa nafasi zimejaa. Esta yuko darasa la kwanza shule ya serikali, na mchana akirudi hupitia chekechea kunywa maji. Wegesa amekaa naye wiki nyingi kuing'oa ile Jumatatu. Anasema kumfundisha mtoto jambo jipya ni rahisi, lakini kumwondolea lililoingia kwa wimbo ni kama kutoa rangi kwenye kitambaa. Ndiyo maana siku hizi darasa zima linaziba midomo kwa viganja. Sasa wanakuja watoto ambao wameshaulishwa ule wimbo nyumbani, na lazima waanze kwa kunyamazishwa.

Hilo ndilo linalomuuma kupita jina na picha. "Jina langu wangekula tu, sawa. Mimi nilianza maisha kwa kukosa siku moja. Sasa sauti yangu inazunguka Musoma na Bunda yote inawapotezea watoto siku. Sauti yangu mimi."

Lakini hakukaa kulia. Mwezi ujao, shule zikifunga, atarudi Bunda kwenye chumba chenye godoro mlangoni. Gibson amekubali kurekodi upya bila malipo, dumu na kijiti, na jina la Wegesa litaandikwa juu. Ameahidi pia kuzigawa flashi hizo mpya bure kwa yeyote atakayerudisha ile ya zamani. Dorah amejitolea kuzipeleka minadani pamoja na dagaa zake, hadi Buswahili, ambako bibi ya Wegesa alihesabu siku bila kuzijua kwa majina ya shule.

Wamebishana jambo moja tu. Gibson bado anaogopa ile nafasi ya nane. Amemwomba aweke hata kinanda kidogo, hata kengele, watu wasidhani flashi imeharibika. Wegesa amekataa.

"Nilimwambia, mwanangu, acha patupu. Hiyo mashine yako haijui leo ni siku gani. Mtoto ndiye anajua." Anainuka, anachukua dumu lake, kwa maana mapumziko yamekwisha na watoto wameanza kujipanga. "Siku moja nitakuwa nimekaa zangu pale stendi ya Bunda, nasubiri basi. Flashi itapigwa kibandani. Itafika pale, itanyamaza. Na mimi nataka nisikie mtoto wa mtu nisiyemjua, kabebwa mgongoni huko, anajibu."